Usimwandike Mgeni kwa Sikio: Jina la Kichina Kwenye Fomu ya Viza

(Hotuba kwa makarani wa makampuni, wenye stesheneri na vijana wa utalii, Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nafurahi kwamba mliokuja ndio wenye kazi yenyewe: makarani mnaoandaa safari za wageni wa kampuni, wenzetu wa stesheneri za Ngamiani mnaojazia watu fomu mtandaoni, na vijana mnaopokea watalii. Kazi yangu mnaijua, ni ukalimani wa Kichina. Kwa ajili hiyo fomu za viza za wageni wa Kichina huletwa kwangu, na aghalabu huletwa zikiwa zimeshaharibika. Leo sisemi habari za ada, wala za barua ya mwaliko, wala za picha. Nasema habari ya kisanduku kimoja, kile cha jina.

Na ndani ya kisanduku hicho nitashika jina moja tu. Nimelibuni, msimtafute mwenyewe. Tuseme ni mhandisi anayekuja Tanga kwa kazi ya miezi kadhaa, na jina lake kwa maandishi ya kwao ni 吕建安. Herufi tatu. Ya kwanza, hii yenye visanduku viwili kimoja juu ya kingine, ni ukoo. Mbili zinazofuata kwa pamoja ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Kwa Wachina ukoo hutangulia, jina la mtu hufuata. Anayejua kusoma maandishi haya hawezi kumchanganya bwana huyu na mtu wa ukoo mwingine. Tabu inaanza pale fomu inapotaka herufi za A mpaka Z.

Tuanze na sauti. Kichina rasmi kina toni nne: iliyonyooka juu, inayopanda, inayozama kidogo ndipo iinuke, na inayoshuka kwa kishindo. Toni hapo si pambo la kusema, ni sehemu ya neno. Wasambaa mliomo humu ukumbini mnalielewa hili kuliko sisi wa pwani, maana Kisambaa kina toni, na Kizigua vilevile, ilhali Kiswahili kilishaziacha zamani. Sasa chukueni silabi ambayo sikio la mtu wa Tanga litaisikia kama «lu». Ikisemwa kwa toni ya kupanda, ni ukoo wa 卢. Ikisemwa kwa toni ya kuzama, ni ukoo wa 鲁. Ikishuka, ni ukoo wa 陆. Koo tatu tofauti, zisizohusiana.

Wachina wana njia yao rasmi ya kuandika sauti hizi kwa herufi za Kilatini. Inaitwa Pinyin, na iliidhinishwa na bunge lao mwaka 1958. Kwa Pinyin kamili koo hizo tatu zinaandikwa Lú, Lǔ na Lù, kila moja na kialama chake juu ya irabu. Lakini kwenye pasipoti vialama vyote huondolewa na herufi zote zinakuwa kubwa. Kwa hiyo watu watatu wa koo tatu wanashuka kwenye ndege moja, na pasipoti zote zinasema LU. Hakuna aliyekosea hapo. Ndivyo hati ya kusafiria ilivyo, na mwenye pasipoti analijua hilo tangu siku aliyoipokea.

Huyu mhandisi wetu sasa si miongoni mwa hao watatu. Ukoo wake ni Lǚ, na irabu yake si u. Ukitaka kuitamka, sema «i» kama ya «siku», kisha ukiwa bado unaisema, chongoa midomo kama unayetaka kusema «u». Jaribuni. Haya, mmeipata, ingawa huko nyuma kuna mtu anapiga mluzi. Irabu hiyo Pinyin huiandika ü, u yenye nukta mbili, na nukta hizo si toni. Toni inakuja juu yake tena, ndiyo maana mnaona kitu kizito kama ǚ. Na kwa bahati, nukta hizo huandikwa baada ya L na N tu, kwa sababu hapo peke yake ndipo «lu» na «lü» zinapogombana, na «nu» na «nü». Kwingine Wachina huacha u tupu na kila mtu wao anajua isomwe vipi. Kwa hiyo anayejaza fomu ajihadhari hasa anapoona L au N.

Pasipoti haina nukta mbili. Ziende wapi? Zamani kila ofisi ilijibu kwa namna yake. Wapo walioandika LU, wakamtumbukiza mtu wa 吕 kwenye lile kundi la koo tatu. Wapo walioandika LV, na hii imewashangaza wengi humu, mtu kuitwa herufi mbili zisizo na irabu. Chanzo chake ni kibodi. Kichina hakina matumizi ya herufi V katika Pinyin, na kibodi haina kitufe cha ü, basi kwenye kompyuta na simu zao wanabonyeza V ili kupata ü. Kikawa kizoefu, kikapanda mpaka kwenye vyeti. Kisha ikatoka kanuni ya taifa ya kuandika majina ya Kichina kwa Pinyin, ikaanza kutumika mwaka 2012: penye herufi kubwa na pasipo nafasi ya nukta, ü iandikwe YU. Ndiyo maana pasipoti za siku hizi zinasema LYU.

Mtu aliyesoma Ujerumani ataniambia, mbona Müller kwenye pasipoti anakuwa MUELLER, kwa nini huyu asiwe LUE? Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kwenye waraka wake wa 9303, kweli zinairuhusu UE kwa ajili ya Ü. Ila China haianzi na Ü ndipo ibadilishe. Pasipoti yake inaandika LYU tangu juu. Ukiandika LUE utakuwa umefuata kanuni nzuri ya nchi nyingine kwa mtu asiye wa nchi hiyo.

Nusu ya pili ya jina ni rahisi kuisoma na rahisi zaidi kuiharibu. 建安 kwa Pinyin ni Jiàn'ān. Ile koma ya juu ipo kwa kazi maalumu: inaonyesha silabi inapokatika, jian halafu an. Bila hiyo mtu anaweza kusoma jia halafu nan, na hilo ni jina jingine kabisa, 佳楠 kwa mfano. Pasipoti huitupa koma hiyo. Waraka wa ICAO unasema wazi kwamba koma ya juu iondolewe na vipande viunganishwe, kwa hiyo linabaki JIANAN, neno moja. Pasipoti ya 建安 na ya 佳楠 zinafanana kila herufi.

Sasa mkijumlisha, mnaona kilichopotea: toni tatu, nukta mbili, koma, na mpaka wa silabi. Kwa herufi za Kilatini peke yake hakuna mtu anayeweza kurudi kutoka LYU JIANAN hadi 吕建安 kwa uhakika. Nalisisitiza hili kwa sababu karani mzuri, mwenye moyo wa kazi, akiona jina limepungukiwa hutaka kulisaidia. Anampigia mgeni simu, anamsikiliza akijitaja, kisha anaandika alivyosikia. LIU, LEE, LUI, LIYU. Yote nimeyaona. Kumbe fomu ya viza haiulizi mgeni anaitwaje kwao. Inauliza serikali yake imeshamwandika kwa herufi gani.

Na jibu liko mahali pamoja. Fungueni ukurasa wa picha wa pasipoti, mtazame chini kabisa. Kuna mistari miwili ya herufi zilizoachana sawasawa, kila mstari herufi 44. Hiyo ndiyo mistari ya mashine. Ya mhandisi wetu, mstari wa juu utakuwa hivi:

```
POCHNLYU<<JIANAN<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Tuusome pamoja taratibu. PO ni aina ya hati, pasipoti ya kawaida. CHN ni nchi iliyoitoa, kama sisi tulivyo TZA. Baada ya hapo linaanza jina, na linaanza na ukoo daima: LYU. Kisha alama mbili za `<<` zikiwa zimebanana. Mbili hizo ndizo ukuta kati ya ukoo na jina la mtu. Kisha JIANAN. Mabaki yote ya `<` ni ya kujazia nafasi mpaka zifike 44. Alama moja peke yake ikitokea katikati ya jina, maana yake ni nafasi au kistari. Mbili, ukuta. Ukishika hilo hutababaika tena na ukoo uko wapi, hata kwa mgeni wa nchi ambayo hukuwahi kuisikia.

Basi kwenye fomu: kisanduku cha ukoo, LYU. Kisanduku cha jina la kwanza, JIANAN. Kisanduku cha jina la kati, hapana kitu. Hapo kwenye jina la kati ndipo pametuumiza sana. Sisi tumezoea majina matatu, la mtu, la baba na la babu, na kisanduku kitupu kinatukera. Mgeni akijiandika kwenye barua pepe «Jian An Lyu», ameligeuza jina kwa kuwapendelea wageni na ameachanisha silabi ili tuweze kumtamka. Karani akaona majina matatu, akashukuru Mungu, akajaza la kwanza JIAN, la kati AN, ukoo LYU. Mchina hana jina la kati. JIAN AN yenye nafasi na JIANAN isiyo na nafasi, kwa jicho letu ni mamoja. Kwa mashine inayolinganisha herufi kwa herufi si mamoja. Kadi ya biashara, barua pepe na jina la WeChat si chanzo cha jina. Hata barua ya mwaliko mliyoiandika wenyewe si chanzo, maana mara nyingi iliandikwa kabla ya pasipoti kufika.

Nitawapa kisa kimoja kwa ukaribu. Kampuni moja ya hapa, jina tuliache, ilitumiwa ujumbe wa simu wenye jina kama hili kwa Pinyin kamili, na vialama vyake vyote. Binti wa ofisini akafanya jambo la busara kwa kawaida: asikosee kuchapa, akakopi na kupesti. Ile programu aliyojazia haikuzitambua irabu zenye vialama. Haikulalamika, ilizila tu. Sasa ondoeni ǚ kwenye Lǚ, inabaki L. Ondoeni à na ā na koma kwenye Jiàn'ān, kinabaki nini? Jinn. Mgeni akawa anaombewa kuja Tanga kwa jina la L Jinn. Jamani, mji mzima una sifa zake, na sisi wenyewe tunamwalika kwa maandishi!

Tulicheka, lakini lilionekana kwa sababu lilikuwa kichekesho. Lingebaki jina lenye sura ya Kichina, lingepita. Kwa hiyo herufi za jina zichapwe kwa mkono, kwa herufi kubwa, huku pasipoti iko mezani au picha yake imekuzwa kwenye kioo. Ukimaliza, usisome ulichoandika kama neno, maana macho yanayosoma neno hujisahihishia yenyewe. Soma herufi moja moja kutoka nyuma, N, A, N, A, I, J, na mwenzako afuatilie kwenye mstari wa mashine. Kazi ya nusu dakika.

Kuna sababu ya kiufundi ya kuwa wakali kwenye jina kuliko kwenye namba. Mstari wa pili wa mashine una namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha, na kila kimoja kinafuatwa na tarakimu ya ukaguzi. Tarakimu hiyo hupatikana kwa hesabu: kila tarakimu, na kila herufi kwa namba iliyopangiwa, huzidishwa kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, jumla ikagawanywa kwa 10, na baki ndiyo tarakimu. Mashine ikisoma 8 mahali pa 3, hesabu inakataa papo hapo. Jina halina tarakimu ya ukaguzi. Mstari wa kwanza wote hauna. Jina likiwa limekosewa, hakuna hesabu itakayoligutusha. Litaonekana na jicho la mtu, na jicho hilo mara nyingi ni la mhudumu wa ndege huko alikotoka mgeni, saa mbili kabla ya safari, akiwa na viza mkono mmoja na pasipoti mkono mwingine.

Kwenye tiketi msibabaike. Mifumo ya ndege hubana jina na kuligandisha na cheo, mtaona LYU/JIANANMR. Hiyo MR ni «bwana», si sehemu ya jina, na hakuna aliyekosea.

Mzee mmoja kaniuliza kabla hatujaanza: je, nikijua maandishi ya Kichina mwenyewe, siwezi kupata tahajia bila pasipoti? Swali zuri, na jibu ni hapana, kwa sababu maandishi hayo hayo matatu yana pasipoti zaidi ya aina moja. Mtu wa China bara mwenye 吕建安 ni LYU, JIANAN. Mtu wa Hong Kong, ambako watu husema Kikantoni, anaweza kuwa LUI, KIN ON, na kwenye mashine itasomeka LUI`<<`KIN`<`ON. Mtu wa Taiwan, ambako majina mengi bado yanafuata tahajia ya zamani, anaweza kuwa LU, CHIEN-AN, na kile kistari kwenye mashine kinageuka `<` moja. Hawa wawili wa mwisho majina yao yana vipande viwili kwa haki, na ukiwaunganisha umekosea kama ulivyokosea ulipomtenganisha wa kwanza. Ndiyo maana siwapi kanuni ya kusema «jina la Kichina huandikwa neno moja». Tazama pasipoti.

Vietnam nipite haraka. Wao huandika kwa Kilatini tayari, na toni zao ziko juu na chini ya irabu. Nguyễn inakuwa NGUYEN, Đ yenye mkato inakuwa D. Utaratibu ni ule ule wa mstari wa mashine.

Sasa kuna mahali ambapo pasipoti haisaidii. Fomu nyingine zinauliza jina la baba na la mama, na wazazi wa mhandisi huenda wako kijijini na hawajawahi kuwa na pasipoti. Hapo ndipo kweli unaandika jina kutoka maandishi asilia. Mwombe mgeni akutumie majina ya wazazi kwa Kichina na kwa Pinyin yenye toni, vyote viwili. Ondoa toni, geuza ü kuwa YU, ukoo kwenye kisanduku cha ukoo, silabi za jina ziunganishwe. Baba atakuwa LYU kama mwanawe. Mama, msishangae, atakuwa na ukoo mwingine, kwa kuwa mwanamke wa Kichina habadilishi ukoo akiolewa. Niliwahi kumwona karani akimsahihisha mama wa watu awe LYU ili familia ifanane. Nia njema, lakini amemwandika mtu asiyekuwapo. Na kama mzazi anayo pasipoti ya zamani inayosema LU, fuata hiyo hata kama mwanawe ni LYU. Familia moja kuwa na tahajia mbili ni jambo la kawaida kwa ukoo huu, kwa sababu ya ule mwaka 2012.

Kuna fomu zinazotoa nafasi ya jina kwa maandishi asilia. Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, ni mojawapo. Msiipite kwa kuandika tena LYU JIANAN. Pale ndipo vilivyopotea vyote vinarudi, toni na ukoo na mpaka wa silabi, kwa herufi tatu tu, na hapo kukopi na kupesti kunaruhusiwa, ndiyo njia bora, maana kuichora 建 kwa kipanya hamtaweza.

Fomu hiyo hiyo inauliza swali linaloshangaza kila mtu: je, jina lako lina namba za telegrafu? Hizi ni namba za miaka ya 1870, enzi za kupeleka habari kwa waya. Waya ulipeleka alama za herufi chache na tarakimu, haukuweza kupeleka maelfu ya herufi za Kichina, basi kila herufi ya Kichina ikapewa namba yenye tarakimu nne, na kitabu kikachapwa. Telegrafu ilikufa, namba hazikufa. Zilibaki kwenye ofisi za uhamiaji na za ujasusi kwa sababu zinatenganisha kile ambacho herufi za Kilatini zinachanganya. Tazameni zile koo zetu: 卢 ni 4151, 鲁 ni 7627, 陆 ni 7120, na 吕 ya mhandisi wetu ni 0712. Watu watatu wenye LU ile ile kwenye pasipoti, na mmoja ambaye zamani naye aliandikwa LU, kwa namba hizi hawagongani kabisa. Mgeni wa China bara wa rika la kati huenda hajawahi kuzisikia, na akijibu hana si kosa. Wa Hong Kong atakuwa nazo: vitambulisho vya huko vimezichapa chini ya jina kwa miaka mingi. Ila angalieni 0712 na 7120. Tarakimu zile zile zimehama nafasi, na ukiacha sifuri ya mbele kwa kudhani haina kazi, umeshaharibu.

Nimalizie na swali la «majina mengine uliyowahi kutumia», kwa kuwa ndilo linaloachwa tupu kuliko yote. Mhandisi wetu alihitimu kabla ya mwaka 2012. Cheti chake cha chuo kwa lugha ya kigeni kinasema LV JIANAN, viza yake ya zamani ya nchi nyingine inasema LU, na pasipoti aliyonayo leo inasema LYU. Akija kuombewa kibali cha kazi, cheti kitawekwa kando ya pasipoti na afisa atauliza hawa ni watu wangapi. Jibu lake liandaliwe mapema. Kwenye kisanduku cha majina mengine andikeni LV JIANAN na LU JIANAN, kila moja kwa ukamilifu wake. Kisha muulizeni mgeni kama pasipoti yake ina ukurasa wenye maelezo ya nyongeza unaotaja tahajia ya zamani, kwa sababu mamlaka za kwao hukubali kuyagonga maelezo hayo mwenye pasipoti akiomba. Kama upo, upigwe picha uambatane na ombi. Kama haupo, ayaombe maelezo hayo huko kwao kabla ya kusafiri, na ile pasipoti yake ya zamani aje nayo, hata kama imetobolewa kona.

Viza ikishatoka na herufi imekosewa, msiichokoe. Msiongeze Y kwa kalamu wala msiihariri kwenye kompyuta, kwani hapo mmeacha kosa la tahajia mkaingia kwenye kughushi hati. Iandikieni ofisi iliyoitoa, mkiambatisha ukurasa wa picha, na mwonyeshe herufi gani inayotakiwa na iko wapi kwenye mstari wa mashine. Mgeni asipande ndege mpaka jibu lirudi. Kama mna fomu yoyote mkononi sasa hivi, nileteeni hapa mbele pamoja na picha ya pasipoti, tuisome.